Salamu za Idi kutoka Dukani kwa Wateja wa Dini Zote

Mimi ni Mkristo na duka langu liko Ngamiani, Tanga. Nauza vyakula upande mmoja na nguo upande wa pili. Wateja wangu wengi ni Waislamu, Mabohora wakiwamo, lakini kwenye kaunta hiyohiyo wanasimama Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana na Wasabato, na wanakuja Wahindu. Kila Ramadhani inapokaribia kwisha, wenye maduka wenzangu huniuliza swali moja: niwape wateja wangu salamu gani ya Idi, iwafurahishe wanaosherehekea bila kuwafanya wengine wajione wamesimama nje ya mlango?

Wengi hujibu kwa kukimbilia maneno mapana. Wanaandika "Heri ya sikukuu kwa wateja wetu wote" na kuishia hapo. Maneno hayo hayana ubaya, ila hayamgusi mtu. Aliyefunga mwezi mzima hasikii kama umemwona, na asiyefunga hajui unampongeza kwa lipi. Njia ninayoishauri ni nyingine: itaje sikukuu kwa jina lake, usijifanye wewe ndiye mwenye sikukuu kama siyo, na mpe kila mteja neno ambalo ni kweli kwake. Ukizishika hizo tatu, salamu moja inawatosha watu wote, na huna haja ya kumbagua mtu kwa dini yake ili umsalimie.

Hapa nitaeleza kwa mfano wa Idi ndogo, ile ya Mfunguo Mosi inayofuata Ramadhani, kwa sababu ndiyo yenye mitego mingi kwa mwenye duka. Mwishoni nitasema kidogo jinsi ya kuigeuza salamu kwa sikukuu nyingine.

Kwanza siku, ndipo maneno

Salamu nzuri ikifika siku isiyo yake inakuwa salamu mbaya. Idi ndogo inategemea mwandamo wa mwezi, ndiyo maana kalenda zetu zinaandika tarehe na kuongeza kwamba inaweza kubadilika. Mwezi wa Ramadhani una siku 29 au 30, na mpaka jioni ya siku ya 29 hakuna anayejua kwa hakika. Tanzania wengi husubiri tangazo la Mufti kupitia BAKWATA, na Kenya husubiri la Kadhi Mkuu. Lakini si wote. Wapo Waislamu wanaofuata mwezi ukionekana popote duniani, au wanaofuata Makka, na hao wanaweza kuswali Idi siku moja kabla ya majirani zao. Mabohora nao wana kalenda yao ya hesabu, na mara nyingi Idi yao hutangulia kwa siku moja au mbili.

Kwa hiyo dukani unaweza kuwa na wateja watatu, wote Waislamu, mmoja amekwisha kuswali Idi, mmoja anaswali leo, na mwingine bado amefunga. Ukiwatumia wote "Idd Mubarak" jioni ya siku ya 29 kwa kuwa kalenda ya ukutani imesema kesho, kuna mtu ataipokea wakati anapika daku.

Dawa yake ni rahisi. Andika ujumbe wako mapema, uuhifadhi, wala usiupange ujitume wenyewe kwa saa maalumu. Usiku ule, subiri tangazo litoke. Likitoka usiku sana, usitume. Tuma asubuhi watu wakirudi kutoka kwenye swala ya Idi. Bohora akiingia dukani siku moja kabla ya hapo akiwa amevaa nguo za sikukuu, mpe salamu yake ya mdomo palepale, na ujumbe wa jumla usubiri siku yake.

Kwenye tangazo la mlangoni usiandike tarehe kabisa. Andika "Idi mosi tumefunga, Idi pili tunafungua saa 4 asubuhi". Mwezi ukiandama au usiandame, tangazo linabaki kweli, na kila mtu wa pwani anajua kuhesabu Idi mosi, Idi pili. Kuhesabu huko kunakupa nafasi nyingine pia: mteja uliyemkosa siku ya kwanza unaweza kumpa mkono wa Idi siku ya pili au ya tatu, wala haijawa kuchelewa.

Jambo moja zaidi kuhusu siku. Mwaka 2025 na mwaka 2026, Idi ndogo iliangukia ndani ya Kwaresma. Maana yake, siku Waislamu wanafungua, Wakristo wengi bado wamo kwenye mfungo wao. Kumwambia mteja Mkatoliki "haya, mfungo umekwisha, tule sasa" katika siku kama hizo ni kumsahau. Mwaka wa Kiislamu hutangulia ule wa kawaida kwa siku kama 11, kwa hiyo mgongano huu utahama. Kila mwaka, kabla hujaandika salamu, fungua kalenda utazame dini nyingine ziko wapi wiki hiyo.

Kuandika salamu yenyewe

Chukua salamu hii, ya aina tunayoiona kila mwaka kwenye simu na kwenye milango ya maduka:

"Idd Mubarak kwa ndugu zetu Waislamu! Allah atukubalie funga zetu. Na kwa wateja wetu wengine, heri ya sikukuu. Fika upate punguzo kubwa la kanzu na madira!"

Aliyeiandika ana nia njema. Tuipitie sentensi kwa sentensi.

"Ndugu zetu Waislamu" ni maneno ya upendo, na kwenye hotuba yanafaa. Kwenye ujumbe wa duka yanaleta shida, kwa sababu yanawagawa wateja mafungu mawili: kuna sisi wenye duka, na kuna wao ndugu zetu. Katika mtaa ambao Waislamu ndio wengi, ni kama mgeni kumkaribisha mwenyeji nyumbani kwake. Badala ya kutaja watu kwa dini yao, taja wanachokifanya: "kwa wote mnaosherehekea". Mwislamu anajiona humo bila kuwekewa kibandiko. Mkristo aliyeolewa katika familia ya Kiislamu, ambaye atashinda jikoni akipika pilau ya wakwe zake, naye anajiona.

"Allah atukubalie funga zetu" ni dua ya waliofunga wao kwa wao. Mimi sikufunga Ramadhani. Nikiandika hivyo nasema jambo lisilo kweli kuhusu nafsi yangu katika jambo la ibada, na wateja wanaonijua watalitambua mara moja. Mwenye duka ambaye ni Mwislamu na aliyefunga anaweza kuiandika kwa haki kabisa. Asiye Mwislamu na aseme: "Mungu azipokee funga zenu." Hapo umewaombea wenzako kwa moyo wako, kutoka pale ulipo. Kwa sababu hiyohiyo, usinakili aya ya Kurani kutoka kwenye kadi ya mtandaoni ili salamu ionekane nzito. Ukikosea herufi moja umekosea kitu kitakatifu cha mtu mwingine.

"Wateja wetu wengine" ndilo neno linalouma. Hakuna anayependa kuitwa "wengine". Na heri ya sikukuu gani anayopewa, kama sikukuu si yake? Huyu mpe kitu anachokipata kweli siku ile. Idi ndogo Tanzania ni mapumziko ya siku 2. Atakuwa nyumbani, pengine ataletewa sahani na jirani. Mwite jirani, kwa maana ndivyo alivyo: "Majirani wote, sikukuu njema." Anatakiwa mema kama mtu anayeishi ndani ya mtaa wenye sikukuu, na hilo ni kweli tupu.

Mwisho punguzo. Liondoe kabisa kwenye salamu. Tangazo la bei lina siku yake, na siku yake ni wiki mbili kabla ya Idi, watu wakiwa wanatafuta kanzu, baraghashia, madira na viatu vya watoto. Asubuhi ya Idi watu wamekwisha kununua. Ukiweka bei chini ya baraka, msomaji anaelewa kwamba baraka ilikuwa chambo.

Tukishatoa hayo, rasimu ya kwanza inakuwa hivi:

"Idd Mubarak kwa wote mliofunga na familia zenu. Tunashukuru kwa kuja dukani mwezi mzima. Majirani wote, sikukuu njema. Ni sisi wa duka la kona, Ngamiani."

Ni nzuri, lakini ina dosari moja ambayo wengi hawaioni mpaka mteja awaonyeshe. "Mliofunga" inawaacha nje Waislamu ambao hawakuweza kufunga: mgonjwa wa kisukari aliyekatazwa na daktari, mama mjamzito, mzee asiyejiweza, dereva wa lori aliyekuwa safarini. Idi ni yao pia, na wengi wao tayari wanaumia kwamba mwezi umepita hivyo. Badilisha neno moja tu:

"Idd Mubarak kwa wote mnaosherehekea na familia zenu. Tunashukuru kwa kuja dukani mwezi mzima. Majirani wote, sikukuu njema. Ni sisi wa duka la kona, Ngamiani."

Tazama sentensi ya katikati. Hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba salamu imetoka kwako na si kwa mtu mwingine. Weka humo jambo moja la kweli lililotokea kati yako na wateja msimu ule. Kama foleni ilikuwa ndefu usiku wa mwisho, shukuru kwa uvumilivu wao. Kama tende ziliisha mapema, waombe radhi. Kama watu walikuja saa nne za usiku baada ya tarawehe na ukawa wazi kwa ajili yao, washukuru kwa kukufanya mwenzao wa usiku. Sentensi moja inatosha. Ikizidi inageuka risala.

Na kuna kitu ambacho hakuna maneno yatakayokifunika. Mwenye duka aliyepandisha bei ya sukari na tambi siku ya kwanza ya Ramadhani wakati mzigo wake ni wa zamani, asitegemee "Idd Mubarak" yake kupokelewa kwa moyo mkunjufu. Kama bei ilipanda kwa muuzaji wa jumla, waeleze wateja siku ileile inapopanda, na uwaonyeshe. Salamu ya Idi husomwa pamoja na kumbukumbu ya mwezi mzima.

Simu, mlango na mfuko

Salamu ileile inabadilika umbo kulingana na inakopita.

Ujumbe mfupi wa simu una herufi 160, ukihesabu na nafasi kati ya maneno. Ukizidi, mtandao unaukata vipande na kukutoza kama jumbe mbili. Salamu yetu hapo juu ina herufi 158, kwa hiyo inaingia katika ujumbe mmoja. Ukiiongezea picha ndogo ya mwezi mwandamo, kiwango kinashuka kutoka herufi 160 hadi 70, kwa sababu alama hizo hutumwa kwa mfumo mwingine, na ujumbe wako mmoja unakuwa jumbe tatu. Kwa mwenye duka anayelipia jumbe za wateja mia mbili, hiyo ni hela. Hata ile ritifaa ya "ng'ombe" ikiandikwa na simu kwa umbo la kupinda, inaleta matokeo hayohayo. Hesabu herufi, jitumie mwenyewe kwanza, ndipo uwatumie watu.

Kwenye WhatsApp usiwakusanye wateja katika kundi jipya ili uwasalimie. Kila mmoja ataona namba za wenzake, na asubuhi ya Idi simu zao zitalia kwa majibu ya watu wasiowajua. Tumia orodha ya kutuma kwa wengi, ambapo kila mtu anapokea ujumbe peke yake. Orodha moja inabeba watu 256, na ujumbe unamfikia tu mtu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Ukiona mteja wako wa kila siku hajibu mwaka hadi mwaka, huenda hajakuhifadhi, hana kinyongo.

Hapa ndipo kishawishi kikubwa kinapoingia: kuwagawa wateja kwenye simu, Waislamu orodha hii, Wakristo orodha ile. Usifanye. Kwanza utakosea. Utawagawa kwa majina, na majina yetu hayakubali kugawanywa hivyo. Mariamu, Yusufu, Ibrahimu na Daudi ni majina ya misikitini na ya makanisani. Tanga zipo nyumba ambazo ndugu wa tumbo moja ni wa dini mbili, na jina la baba halikuambii mtoto anaswali wapi. Pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaiweka imani ya dini katika taarifa nyeti za mtu. Duka halina sababu ya kuwa na daftari la dini za wateja wake. Salamu iliyoandikwa vizuri inaondoa hata hamu ya kuwa nalo, kwa kuwa ujumbe ni mmoja na kila anayeupokea ana mahali pake ndani yake.

Mlangoni nafasi ni kubwa zaidi, na msomaji amesimama. Hapo unaweza kusema hivi:

"Idd Mubarak.
Wote mnaosherehekea, tunawatakia Idi yenye afya na amani, ninyi na familia zenu. Mungu azipokee funga na dua zenu.
Majirani na wateja wetu wote, sikukuu njema.
Idi mosi tumefunga. Idi pili tunafungua saa 4 asubuhi.
Mwenye duka na wafanyakazi wote."

Jina la sikukuu liandike kwa herufi kubwa zisomeke kutoka ng'ambo ya barabara. Saa za kufungua ziwe chini, baada ya salamu, lakini zisomeke bila kuinama, kwa sababu nusu ya wanaosimama hapo wanatafuta hilo tu. Tumia karatasi nzito au ubao. Msimu wa Idi ukikutana na mvua za masika, karatasi ya daftari itakuwa imechuruzika kabla watu hawajarudi kutoka msikitini. Siku ya Idi tatu jioni liondoe. Salamu ya Idi iliyobaki mlangoni mpaka mwezi unaofuata inaonyesha kwamba hukuitazama tena.

Kuhusu picha, mwezi mwandamo, kikombe cha kahawa au sahani ya tende vinatosha. Usiweke picha ya Al-Kaaba karibu na bidhaa. Wala usiandike Bismillahi, jina la Allah au aya kwenye mfuko wa kubebea. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini Juni 1, 2019, watu wanatunza ile mifuko ya kitambaa na kuitumia tena na tena. Mfuko wako wa Idi kesho utabeba dagaa, keshokutwa utafungiwa takataka, na Mwislamu hawezi kulitazama jina la Mungu likitupwa jalalani. Kwenye mfuko andika "Idi njema" na jina la duka, basi.

Kwenye kaunta

Salamu ya mdomo ndiyo inayokumbukwa, na hiyo haina rasimu. Ila ina utaratibu.

Akiingia mtu mzima, anza na heshima yake ya kila siku, ndipo sikukuu ifuate. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." "Idi njema bibi, Mungu akujalie mwakani uione tena." Ukiruka shikamoo ukaanza na Idd Mubarak, umemheshimu kwa dini ukamkosea kwa umri. Mkono subiri aunyooshe yeye, hasa kama wewe ni mwanamume na yeye mwanamke, au kinyume chake. Wapo wasioshika mkono wa asiye maharimu wao. Ukiweka kiganja chako kifuani na kuinama kidogo, umetoa salamu kamili, na hakuna aliyeaibika.

Usimuulize mteja "wewe Mwislamu?" ili ujue umsalimie vipi. Mwambie "sikukuu njema" na umsikilize. Akijibu "Idd Mubarak", mrudishie kwa jina hilo. Akisema "mimi siko huko, mwanangu", mjibu: "Basi mama, mapumziko mema, msalimie nyumbani." Hapo hakuna wa kuombwa radhi, na mazungumzo yanaendelea kwenye sukari na mchele.

Watoto watakuja. Asubuhi ya Idi wanatembea makundi makundi, nguo mpya, mikono mbele, wakiomba sikukuu. Kama utafungua, weka sarafu za shilingi 100 na 200 kwenye kopo tangu juzi yake, kwa sababu siku hiyo chenji ni adimu mtaa mzima. Mpe kila anayenyoosha mkono. Kati yao watakuwamo watoto wa Kikristo waliovaa nguo zao za Jumapili na kufuatana na rafiki zao, na hakuna mtoto wa kuulizwa dini yake mbele ya wenzake. Ukipenda kutoa cha kula, tende hazikosei kwa mtu yeyote. Peremende za kutafuna zina tatizo, kwa kuwa nyingi zina jelatini ambayo huwezi kujua imetoka kwa mnyama gani, na kwa Mwislamu na kwa Mhindu asiyekula nyama jambo hilo ni zito.

Wafanyakazi wako nao wana dini zao. Usimlazimishe binti Mkristo avae hijabu siku hiyo ili duka lipendeze, wala usimwamrishe atoe salamu ya kiibada asiyoiamini. Mpe maneno mawili anayoweza kuyasema kwa moyo mweupe: "Idi njema" au "sikukuu njema". Na Mwislamu anayefanya kazi dukani mwako, mpe siku yake. Mteja anayesoma salamu tamu mlangoni kisha akamkuta kijana wa Kiislamu anapima mchele saa ya swala ya Idi, ameshajua salamu ile ina uzito gani.

Ukiigeuza kwa sikukuu nyingine

Mpango ni uleule: jina la sikukuu, kwa wanaosherehekea, shukrani moja ya kweli, na neno kwa majirani. Yanayobadilika ni machache, lakini ndiyo yanayokosewa.

Idi kubwa, ile ya kuchinja, haifuati mwezi wa kufunga, kwa hiyo sentensi ya funga itoke. Maulidi kuna Waislamu wanaoyasherehekea sana na kuna wasioyasherehekea kabisa, na "kwa wote mnaosherehekea" inawatosha wote wawili. Ashura, kwa Mashia, ni siku ya msiba; usiitakie heri.

Kwa Wakristo, Ijumaa Kuu vilevile ni siku ya huzuni. Siku hiyo tangaza saa za duka tu, na "Heri ya Pasaka" isubiri Jumapili. Si kila Mkristo anasherehekea Krismasi: Mashahidi wa Yehova hawaisherehekei, na wapo Wasabato wasioiadhimisha. Kama mwenye duka ni Mwislamu, na yeye au mfanyakazi wake anaona dini yake haimruhusu kumpongeza mtu kwa Krismasi yenyewe, asilazimike kusema asichokiamini wala asinyamaze kwa ubaridi. "Tunawatakia wateja wetu mapumziko mema na familia zenu" ni maneno ya kweli, na mteja Mkristo ataona ukarimu uliomo.

Diwali si sikukuu ya taifa kwetu, kwa hiyo ni rahisi kuisahau, na ndiyo sababu ukiikumbuka inathaminiwa. Husherehekewa kwa siku kadhaa, na kwa Wagujarati siku inayofuata Diwali ni mwaka mpya. Wafanyabiashara wengi wao wana desturi ya kuviombea baraka vitabu vipya vya hesabu wakati huo. Kama mmoja wao anakuuzia bidhaa za jumla, "Diwali njema, na mwaka mpya wa hesabu uwe wa kheri" ni salamu ya mtu wa biashara kwa mtu wa biashara.

Jambo la mwisho ni usawa. Kama Idi unaandika ubao mzuri kwa rangi, Krismasi na Diwali ziandikie ubao uleule, kwa ukubwa uleule. Wateja hawasemi, lakini wanalinganisha. Chukua kalenda leo, uweke alama kwenye sikukuu za watu wote wanaonunua kwako, na kila moja uiandikie sentensi yake sasa, kabla msimu haujakubana. Kisha kila rasimu mpe mtu mmoja wa dini hiyo aisome kabla haijatoka. Akitikisa kichwa kwenye neno, liondoe hata kama unalipenda, maana yeye ndiye mwenye sikukuu.